Kiti Kiwe Mahali Pake

Michoro ya toleo hili imetengenezwa kwa akili mnemba kutokana na picha halisi za watu walioridhia tuzitumie. Mmoja wao ni fundi cherehani anayetumia kiti mwendo, na mchoro wake unatufunza namna ya kuandika maelekezo.

Maelekezo yakisema tu "fundi cherehani akishona sokoni", programu hujaza pengo kwa kile ilichokiona mara nyingi zaidi, ikamkalisha fundi kwenye stuli. Picha yenyewe haitoshi kuizuia, hasa ikiwa imekatwa mapajani na gurudumu linaonekana kipande tu. Maelekezo yakianza na "mlemavu kwenye kiti cha magurudumu", kiti hujaa mchoro mzima, tena kiti kizito cha hospitali chenye mishikio ya kusukumwa na mtu mwingine. Cherehani husogezwa pembeni, soko likawa wodi.

Dawa ni kuanza na kazi, kisha kukitaja kiti pale kinapokutana na mwili na kazi hiyo. Kwa fundi wetu tungeandika hivi: "Fundi cherehani wa makamo, sokoni asubuhi, mkono wa kulia unazungusha cherehani ya mkono, wa kushoto unaongoza kitenge. Amekaa kwenye kiti mwendo chepesi, mgongo wa kiti unaishia kiunoni, magoti yako chini ya meza, nyayo zimetulia kwenye kikanyagio cha kiti." Hatungeandika "kisicho na mishikio", maana programu nyingi hukichora kile kilichotajwa hata kikikanushwa. Kimo cha mgongo wa kiti kimesema vya kutosha.

Kifaa cha kusikia nacho kina mtego wake. Kikiachwa bila maelezo hugeuka kipokea sauti cha simu. Kama ni cha nyuma ya sikio, andika kwamba kimekaa hapo na mrija mwembamba unaingia ndani ya sikio. Ikiwa kwenye picha halisi nywele zimekifunika nusu, kibaki hivyo hivyo. Usimgeuze mwenye picha kichwa ili kifaa kionekane. Vivyo hivyo mguu bandia uliovalishwa suruali na kiatu: sema hivyo, la sivyo utaletewa chuma cha roboti kinachong'aa.

Mchoro ukitoka, uweke kando ya picha. Tazama kama kulia na kushoto vimebadilishana, kama magurudumu madogo ya mbele yapo yote mawili, kama magoti yanaingia kweli chini ya meza. Makosa haya hutokea hata maelekezo yakiwa mazuri, na hakuna anayeyatambua upesi kuliko mwenye kiti.

Kwa hiyo tunawaomba wachoraji wetu: kabla ya kutuletea mchoro, mwonyesheni mwenye picha. Akisema kiti si chake, rudieni.