Muulizeni mjamzito anageukaje kitandani

Na Zuhura Mkwizu

Mama mwenye mimba ya miezi minane akifika kliniki hupimwa presha, mkojo na wingi wa damu. Tumbo hupimwa kwa tepu, na mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa. Yote hayo ni ya lazima na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na swali lisiloulizwa. Katika foleni ileile wapo wanawake wanaotembea kwa kushika ukuta kwa sababu ya maumivu ya mfupa wa kinena, na wakijikaza kusema huambiwa: vumilia, mtoto anashuka, nyonga zinafunguka. Wanarudi nyumbani na maumivu yao, wakiamini kwamba hakuna la kufanya mpaka wajifungue.

La kufanya lipo. Tuanze na kinachouma. Mifupa miwili ya mbele ya nyonga hukutana chini ya tumbo, kwenye kinena, lakini haigusani. Katikati yake pana gegedu, na kano imara huishikilia pamoja. Kwa mwanamke asiye na mimba, nafasi hiyo ni kama milimita 4 au 5. Mimba ikiingia, homoni hulegeza kano za nyonga, na nafasi huongezeka kwa milimita 2 au 3 hivi. Hilo ni la kawaida. Taabu huanza pale misuli ya tumbo, makalio na mapaja inaposhindwa kuzishika vizuri pande mbili za nyonga zilizolegea. Ukisimama kwa mguu mmoja, upande mmoja husogea tofauti na mwenzake, na kiungo cha kinena hubanwa na kuvutwa kila hatua. Inakadiriwa kwamba mjamzito mmoja kati ya watano hupata maumivu ya nyonga ya namna hii, kwa viwango tofauti.

Maumivu haya yana tabia yake, na kwa tabia hiyo utayatambua. Huja pale miguu inapotengana au uzito unapoegemea upande mmoja: kuvaa nguo ya ndani ukiwa umesimama, kupanda ngazi ya daladala, kukaa mkao wa kutanua miguu juu ya bodaboda, kuinuka kwenye choo cha kuchuchumaa, kudeki huku umeinama, kumbeba mtoto mkubwa ubavuni. Wengine husikia kitu kikilia au kusagika kwenye kinena. Usiku ndio mbaya zaidi, kwa sababu kugeuka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine huwatoa machozi. Ukibonyeza mfupa wa kinena kwa kidole, unauma palepale.

Wapo wanaolipia ultrasaundi wakitafuta sababu, wakaambiwa mtoto hana tatizo, wakabaki wanajiona wanadeka. Kipimo hicho kimemwangalia mtoto, hakikuangalia namna nyonga inavyobeba uzito. Hata upana wa nafasi ya kinena haulingani na ukali wa maumivu: yupo mwenye nafasi pana asiyeumwa, na yupo mwenye nafasi ya kawaida asiyeweza kutembea. Maelezo ya mama mwenyewe na uchunguzi wa mikono hutosha kuanza kumsaidia.

Mama mmoja ninayemfahamu, mwuza mboga, alikuwa na mimba ya pili ya wiki 33. Alishaacha kwenda sokoni. Usiku alikuwa akimwamsha mumewe amgeuze. Alipopelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, alilazwa chali kwa muda mfupi akaambiwa anyooshe mguu na kuuinua kama sentimita 20 bila kukunja goti. Ulikuwa mzito, na kinena kikamchoma. Kisha mtaalamu akaweka viganja vyake pande zote mbili za nyonga, akazibana kwa pamoja, akamwambia ainue tena. Safari hii mguu ukapanda. Jaribio hilo dogo lilionyesha mambo mawili: kwamba tatizo liko kwenye ushikiliaji wa nyonga, na kwamba mkanda wa kuibana ungemsaidia.

Mkanda maalumu wa nyonga upo katika baadhi ya maduka ya vifaa tiba, lakini bei yake si ya kila mtu. Yeye alifundishwa kutumia kanga. Unaikunja kwa urefu mpaka ibaki upana wa kiganja, unaizungusha chini ya tumbo, ipite juu ya makalio na ile mifupa inayotokeza ubavuni juu ya paja, kisha unaikaza na kuifunga mbele usawa wa kinena. Isipande juu ya tumbo hata kidogo. Ifungwe wakati wa kutembea na kufanya kazi, ifunguliwe wakati wa kulala. Ikiongeza maumivu, au miguu ikifa ganzi, itolewe. Wako inaowafaa sana na wako isiowafaa, na dakika chache za kutembea nayo ndani ya nyumba zitakuonyesha uko upande gani.

Somo la pili lilikuwa kugeuka kitandani. Aliambiwa akunje magoti yote mawili na kuweka mto katikati yake. Kabla ya kugeuka, aubane mto ule taratibu kwa magoti, atoe pumzi huku akivuta tumbo la chini ndani, kisha mabega, nyonga na magoti vigeuke kwa pamoja kama gogo linalobiringishwa. Kinachoumiza ni kutanguliza mguu mmoja na kuuacha mwingine nyuma. Gauni la kulalia la kitambaa cha kuteleza, kama satini, hupunguza msuguano na kurahisisha zoezi. Akitaka kuamka, kwanza alale ubavu, ashushe miguu yote miwili kwa pamoja, ajisukume kwa kiwiko na kiganja. Usiku ule aligeuka mwenyewe. Maumivu hayakuwa yameisha, lakini yalikuwa yamepungua kiasi cha kumwacha alale.

Mchana ni kanuni ileile ya kuyaweka magoti karibu. Kaa unapovaa. Kwenye ngazi, panda kidato kimoja kimoja: mguu wenye nafuu utangulie kupanda, wenye maumivu utangulie kushuka. Ukipanda bajaji, keti kwanza huku miguu iko nje, kisha iingize yote miwili pamoja. Ndoo ya maji mkononi upande mmoja na mtoto wa ubavuni viachwe, na hapa nawaambia waume na wakwe bila kuzunguka: kumpunguzia mama kuchota maji na kudeki ni sehemu ya tiba yenyewe. Hata hivyo asilazwe siku nzima. Kutopumzika kabisa na kulala muda wote vyote huleta shida, kwani misuli isiyofanya kazi hudhoofika na damu isiyotembea inaweza kuganda miguuni. Hatua fupifupi, mapumziko ya mara kwa mara, na zoezi la kuubana mto kati ya magoti kwa sekunde 5, mara 10, asubuhi na jioni, iwapo haliumi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma za wajawazito wa mwaka 2016, linataja mazoezi kuwa kinga, na fiziotherapia na mikanda kuwa miongoni mwa njia za nafuu.

Kwenye dawa nawaomba wasomaji wawe makini. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia: kwa mtu mzima wa uzito wa kawaida asiye na ugonjwa wa ini, vidonge 2 vya miligramu 500, kwa kupisha saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima, na kwa siku chache tu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo madukani hutolewa kirahisi kwa kila anayelalamika mgongo au nyonga, hazimfai mjamzito wa miezi hii. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na katika miezi mitatu ya mwisho zinaweza kuubana mshipa wa damu ulio karibu na moyo wake. Vipo pia vidonge vinavyochanganya diklofenaki na parasetamoli, kwa hiyo usitulie kwa kuambiwa tu kwamba ndani mna parasetamoli. Soma majina yote kwenye pakiti, na mwambie muuzaji kuwa una mimba hata kama tumbo linaonekana.

Jambo linalosahaulika zaidi ni siku yenyewe ya kujifungua. Maumivu ya kinena peke yake hayamlazimu mama kufanyiwa upasuaji. Wengi hujifungua njia ya kawaida. Hatari iko katika kutanuliwa miguu kupita kiasi. Ndiyo maana mtaalamu alimpima yule mama umbali: akiwa amekunja magoti, aliyatenganisha mpaka pale maumivu yalipoanza, na tepu ikasoma sentimita 40. Kipimo hicho kikaandikwa kwenye kadi yake ya kliniki ili wakunga wasikivuke. Kinafaa zaidi iwapo mama atachomwa sindano ya ganzi ya mgongoni, kwa sababu hapo hatasikia maumivu ya kumwonya. Alijifungua akiwa amelala ubavu, mguu wa juu umeshikiliwa kwa upole na dada yake. Kupiga magoti na kuegemea mbele ni mkao mwingine unaofaa. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 yanataka mama aruhusiwe kuchagua mkao wake, na mwenye maumivu haya ana sababu ya ziada ya kuruhusiwa.

Si kila maumivu ya chini ya tumbo ni ya kiungo hiki. Ukiwa na homa, mkojo unaochoma, damu au maji yanayotoka ukeni, maumivu ya kukaza na kuachia, mguu mmoja uliovimba na kuuma, ganzi katikati ya mapaja, mkojo au haja kubwa isiyozuilika, au mtoto aliyepunguza kucheza, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kama wakati wa kujifungua umesikia kitu kikiachia kwa mbele kisha ukashindwa kusimama, useme, upigwe eksirei: nafasi ya kinena ikizidi milimita 10 inahitaji matibabu ya karibu. Kwa walio wengi maumivu hupungua ndani ya wiki au miezi michache baada ya kujifungua. Yasipopungua, mama arudi kwa mtaalamu. Asingoje mimba ijayo.

Ninachowaomba wakuu wa kliniki za wajawazito hakihitaji mashine wala bajeti. Kuanzia wiki ya 28, muulizeni kila mama kama anaweza kugeuka kitandani na kutembea bila maumivu ya kinena. Akijibu hapana, mfundisheni kugeuka na kufunga kanga hapohapo, mpimeni umbali wa magoti, na muandike kwenye kadi. Mkunga atakayempokea usiku wa leba huenda hajawahi kumwona, na kadi hiyo ndiyo itakayomwambia asimtanue miguu kupita sentimita ngapi.