Papa wa trisikle iko na kinywa chake!

Vijana wenzetu wa Kabondo,

Jumamosi tulikuwa kwenye kabini moja ya kutoa makuta kwa simu, hapa hapa mu komini yetu. Papa mmoja akafika na trisikle yake, kijana wa miaka kama kumi akimsukuma nyuma. Mwenye kabini akamwangalia yule mtoto na kumuuliza: «Papa anataka nini?»

Papa akajibu mwenyewe: «Nataka kutoa elfu ishirini.» Mwenye kabini akamwambia tena mtoto: «Ulizia papa kode yake.» Mwishoni akahesabu zile elfu ishirini mu mkono wa mtoto. Papa hakuulizwa hata neno moja.

Tuseme wazi: haikuwa huruma, ilikuwa kumvua mtu ukubwa wake. Hapa kwetu mtoto hasalimiwe mbele ya baba yake. Hakuna anayeingia mu nyumba ya watu na kuuliza kadogo bei ya kitu wakati mwenye nyumba ameketi pale. Kwa nini desturi hiyo inakufa siku mkubwa anaketi mu trisikle? Miguu njo haitembei. Masikio yanasikia, na makuta ni yake. Na kode ni siri: kumfanya aitamke kwa mtoto, mbele ya watu, ni kumfungulia mwizi mlango.

Haikuishia pale. Mama mmoja aliyekuwa anapita akamwekea mia tano kwenye magoti: «Pole papa, Mungu atakusaidia.» Papa hakuomba kitu, alikuja kutoa makuta yake kama sisi wote. Halafu kijana mwenzetu akauliza: «Ni vita ya siku sita? FRIVAO imekulipa?»

Tunajua swali hilo linatoka wapi. Juni 2000 jeshi la Rwanda na la Uganda walipigana humu Kisangani, na wengi walibaki bila mguu ao mkono. Tarehe 9 Februari 2022 Korti ya Kimataifa ya La Haye iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na FRIVAO njo inapaswa kugawia wahanga. Tangu pale, kila mwenye ulemavu mjini anaulizwa habari ya dola. Lakini huyu papa alipooza kwa polio akiwa mtoto mdogo. Na hata kama ingekuwa vita, kidonda cha mtu si habari ya kuulizwa kwenye foleni na mtu asiyejua hata jina lake. Akitaka kukuambia, atakuambia siku mmezoeana.

Basi tufanye nini? Msalimie kama unavyosalimia papa yeyote: «Jambo papa.» Mwangalie yeye, si anayemsukuma. Kama meza ni ya juu, zunguka, ukae ao uiname kidogo ili macho yakutane. Usiegemee trisikle yake na usiisukume bila ruhusa: ni kama kumshika mtu kiuno. Uliza «Nikusaidie, papa?» halafu ngoja. Akisema hapana, ni hapana, usikasirike. Akisema ndiyo, uliza namna gani, maana yeye njo anajua wapi gurudumu linakwama.

Kama mtu haoni, sema jina lako kwanza, na umpe mkono wako aushike. Usimvute kwa fimbo yake. Usiogope kumwambia «tutaonana kesho», naye anasema hivyo. Kama hasikii, kupiga kelele haisaidie: simama mbele yake kwenye mwanga, sema polepole, ao andika mu simu. Kama anakuja na mtu wa kutafsiri ishara, macho yako yabaki kwake yeye. Kama maneno yake yanatoka kwa shida, usimmalizie sentensi. Sema «sijaelewa, rudilia tafadhali». Kujifanya umeelewa njo matusi.

Wengine watatuambia: «Tulikuwa na roho nzuri tu.» Tunaamini. Lakini roho nzuri isiyouliza inaamua kwa niaba ya mwingine, na sisi tunapinga viongozi wanaofanya hivyo kila siku.

Inchi iko na sheria, namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Sawa. Lakini sheria haisimame kwenye kabini. Pale tunasimama sisi.

Na sisi wenyewe hatuko safi. Mu mikutano yetu tunawapanga wenye trisikle mbele kwa ajili ya picha, halafu maikro inapita juu ya vichwa vyao. Mkutano ujao, maikro ishuke. Na tusiwaulize juu ya ulemavu tu: tuwaulize juu ya maji, moto wa umeme na barabara za Kabondo, sababu nao wanaishi humu.