Bima ya Mtu wa Tatu na Ukomo Wake



Twaomba nafasi kidogo katika gazeti letu tupate kulipinga neno moja linalosemwa kila siku na watumishi wenzetu wenye motokaa, nalo ni hili: “Mimi nina bima, nikimgonga mtu, bima italipa.” Neno hilo ni kweli nusu, na ile nusu iliyobaki yaweza kumla mtu mshahara wa miaka miwili.

Mwenzetu mmoja wa hapa Ilagala alikuwa akitoka kivukoni, penye Mto Malagarasi, wakati wa masika. Udongo ulikuwa umeloa, na motokaa yake ndogo ikashindwa kupanda kilima, ikarudi nyuma, ikaipiga kwa mbele Toyota Land Cruiser mpya iliyoifuata. Hakuna aliyeumia, hata watu wakacheka. Lakini fundi alipofungua boneti, kicheko kikakoma: taa mbili, bampa, rejeta na mifuko ya hewa, vyote vilitakiwa vipya. Makisio yakafika shilingi 34,000,000. Hati ya bima ya mwenzetu ilisema kwamba kwa mali ya mtu wa tatu kampuni italipa si zaidi ya shilingi 20,000,000 kwa tukio moja. Zikabaki 14,000,000, na yeye mshahara wake ni 600,000 kwa mwezi. Motokaa aliyoiharibu ndiyo iliyopanga bei ya hasara, wala si motokaa yake mwenyewe.

Akadhani yule tajiri ana bima kubwa, basi mambo yamekwisha. La! Kampuni ya yule bwana ilimlipa mteja wake, kisha ikasimama mahali pake kumdai mwenzetu salio. Ndiyo desturi ya bima popote: aliyelipa hasara hurithi haki ya kumdai aliyeisababisha. Na wale wasemao kwamba mwenye gari la thamani na abebe mzigo wake mwenyewe hawakuisoma sheria, kwani mwenye kosa hudaiwa hasara yote. Ule ukomo ulioandikwa katika hati hufunga mkono wa kampuni tu, haufungi deni.

Huenda msomaji akauliza, je, sheria haikutulinda? Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, yamlazimisha mwenye gari awe na bima kwa ajili ya kifo na majeraha ya watu. Huo ndio msingi wake, na mali haimo katika lazima hiyo. Imefuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1930, nayo ilijali miili ya watu tu; Waingereza wenyewe wakaja kuongeza mali katika bima ya lazima mwishoni mwa mwaka 1988. Kwa hiyo kwetu fedha ya mali ni jambo la mapatano baina ya mteja na kampuni, na kiasi chake ni kile kilichoandikwa, kikubwa au kidogo.

Hapo ndipo twawalaumu mawakala. Hukuuzia stika, wakakuambia bei na siku ya mwisho, wasikuambie ukomo. Sisi nasi tunalo kosa: askari aitazama stika, nasi twaridhika na kile kimridhishacho askari. Yafaa kuidai hati yenyewe, na kutafuta sehemu ihusuyo wajibu kwa mtu wa tatu, penye neno “mali”. Tazama kama kiasi ni kwa tukio moja, maana ukigonga magari matatu kwa mkupuo huo ni tukio moja, na fedha ile ile yagawanywa kwa wote. Kisha muulize wakala bei ya kuuongeza ukomo, akujibu kwa maandishi.

Na ajali ikitokea, usiandike ahadi ya kulipa pale barabarani, hata kwa adabu. Mwenzetu aliandika, na kampuni yake karibu imkatae kwa sababu hiyo. Toa taarifa polisi, andikia kampuni upesi, kisha omba gari likaguliwe mbele ya mtu wako kabla halijatengenezwa. Katika shauri hili ukaguzi ulionyesha kwamba taa moja ilikuwa imepasuka zamani na kwamba rejeta yaweza kuzibwa. Deni likashuka hadi 9,000,000. Analilipa mpaka leo kwa kukatwa kila mwezi.

Twamwomba Bwana Katibu alitie jambo hili katika mkutano ujao, ili wenye motokaa wote twende kwa wakala pamoja kutaka bei moja ya ukomo mkubwa zaidi. Kila mmoja aje na hati yake, wala si stika.