Fundi, usingoje tarehe ipite ndipo useme

Uvira: Kuna mafundi wanaojua kazi imechelewa, lakini wanajibu "kesho" mpaka siku ya makabidhiano. Hiyo si heshima kwa mwenye kazi. Ni kumnyima nafasi ya kujipanga.

Tuchukue mfano wa vyoo 12 vya kambi ya wakimbizi wa ndani, vilivyoahidiwa tarehe 30 Machi. Sita vimekwisha. Sita bado havina vifuniko vya simenti, na simenti imekwama kwa matope kwenye mlima wa Ngomo. Kifuniko kikishamwagwa, hunyweshwa maji siku 7 kabla ya kubebwa. Basi, simenti isipofika tarehe 18, fundi anajua tayari kwamba tarehe 30 haiwezekani.

Siku hiyohiyo aende kwa kamati aseme: "Barabara imeharibika. Simenti tunaitarajia tarehe 28. Tutamwaga siku mbili, tutangoja 7, tutafunga siku tatu: tutamaliza tarehe 9 Aprili. Mkitaka, tufungue hivi sita sasa, vitatu vya wanawake, vitatu vya wanaume. Ama tununue simenti hapa Uvira kwa bei ya juu, tumalize tarehe 30, lakini nyongeza ya bei tukubaliane leo. Chagueni."

Lori likichelewa tena, arudi kusema kabla ya tarehe 28. Kamati iliyoambiwa mapema hupanga zamu. Iliyofichwa hugundua tarehe 30, familia zikiwa tayari kwenye foleni.