Andika kwanza namba ni ya nini, ndipo uunganishe

Kabla ya kubonyeza kitufe kinachounganisha majina yote ya simu kwa mpigo mmoja, andika kando ya kila namba kazi yake. Tunalisema hili kwa wasomaji wote, na zaidi kwa mafundi wa simu wa Likasi ambao wateja huwaletea orodha iliyojaa majina yanayorudiwa na kuwaomba waisafishe. Kusafisha ni vizuri. Ila hapa kwetu jina lililorudiwa mara nyingi limebeba habari ambayo haiandikwi mahali pengine popote, na kuunganisha kwa haraka kunaifuta hata pale namba zote zinapobaki salama.

Kila mtu anajua kwa nini tunabeba laini mbili au tatu. Rezo moja inashika vizuri mjini na inakatika njiani kuelekea Kolwezi. Kupigiana ndani ya rezo moja kunakula yunite kidogo. Pesa ya Vodacom inakaa M-Pesa, ya Airtel inakaa Airtel Money, ya Orange inakaa Orange Money. Basi mtu mmoja anakuwa na namba ya 081 au 082 ya Vodacom, ya 097 au 099 ya Airtel, labda na ya 084 au 089 ya Orange. Baada ya sifuri, tarakimu mbili za mwanzo zinaonyesha ni rezo gani.

Majina hurudiwa kwa sababu ya kadi yenyewe. Katika simu nyingi, nafasi moja ya kadi ya SIM inashika jina fupi na namba moja. Ukitaka kumwandika mtu mwenye namba tatu, unamwandika mara tatu na kubadilisha jina kidogo. Ukihamia simu kubwa na kuleta majina kutoka kwenye kadi, yanakuja vilevile, kila namba na jina lake, yanajipanga karibu na yale yaliyokwisha kuhifadhiwa katika akaunti ya Google au kuongezwa kutoka WhatsApp. Wengine bado wana majina yanayoishia kwa «Celtel» au «Zain». Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, na Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Namba ni ileile, lakini orodha inamhesabu mwenye namba kama watu wawili.

Tuchukue mfano wa mweka hazina wa likelemba anayemtumia pesa mama mmoja muuza bunga. Katika simu yake mama huyo yuko mara nne. «Mama Bunga» ana namba ya 097 inayoishia 12. «Bunga Mpesa» ana ya 081 inayoishia 55. «Mama Bunga Kikula» ana +243 97, nayo inaishia 12. «Mama Bunga Kasumba» ana ya 097 inayoishia 40. Majina ni manne, namba ni tatu, kwa kuwa ya kwanza na ya tatu ni namba moja: mojawapo imeandikwa kwa sifuri, nyingine kwa alama ya nchi.

Simu ikitafuta yenyewe, huenda itaona kwamba la kwanza na la tatu ni mtu mmoja. Mengine mawili itayaacha, maana hayafanani kwa jina wala kwa namba. Hapo ndipo watu wanapofanya kosa. Wanabadilisha majina yote manne yawe «Mama Bunga» ili simu iyakamate, halafu wanaunganisha. Simu inatii, na namba zote tatu zinaonekana chini ya jina moja, kila moja ikiwa na neno «Mobile» tu. Neno «Mpesa» limeondoka. Neno «Kasumba» limeondoka. Siku ya kutuma pesa, mweka hazina anaangalia namba tatu na kuanza kubahatisha.

Njia nzuri inaanza kwa nakala. Toa orodha yote katika faili la .vcf na uliweke nje ya simu, kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta ya mtu unayemwamini. Kisha fungua kila jina na uandike namba kwa ukamilifu wake: ondoa sifuri ya mbele na uweke +243. Halafu gusa lile neno «Mobile» lililo kando ya namba, chagua nafasi ya kujiandikia neno lako mwenyewe, na uandike M-Pesa, Airtel Money, au ya kupiga tu. Kazi hiyo ikiisha ndipo unaunganisha, mtu mmoja baada ya mwingine, ukisoma kila pendekezo. Katika programu ya Google sehemu hiyo huitwa `Merge & fix`, na pembeni yake kuna kitufe cha kuunganisha wote. Hicho kiache. Mama wetu wa bunga atatoka hivi ndani ya faili:

```
BEGIN:VCARD
VERSION:3.0
N:Bunga;Mama;;;
FN:Mama Bunga
item1.TEL:+24397xxxxx12
item1.X-ABLabel:Airtel Money
item2.TEL:+24381xxxxx55
item2.X-ABLabel:M-Pesa
item3.TEL:+26097xxxxx40
item3.X-ABLabel:Zambia
END:VCARD
```

Tazama namba ya tatu. Haikupewa +243, imepewa +260. Jambo hili linatuhusu sana sisi tunaoishi karibu na mpaka. Mwanzo wa 097 ni wa Airtel huku Congo, na ni wa Airtel vilevile huko Zambia. Pande zote mbili namba ina tarakimu tisa baada ya sifuri. Kwa hiyo 097 iliyoandikwa bila alama ya nchi haina cha kuonyesha kama ni ya Likasi au ya Kitwe, na hakuna programu inayoweza kulijua hilo kwa kuitazama. Neno «Kasumba» ndilo lililokuwa ushahidi pekee. Ukiweka +243 kwenye namba zote bila kusoma majina, namba ya Zambia inageuka kuwa ya Mkongomani usiyemjua, na pesa inaweza kumfikia yeye. Ndiyo sababu tunasema wanaopita Kasumbalesa waanze na namba za Zambia, wazitenge kwa +260, kisha ndipo waguse zilizobaki.

Mafundi wanaojiandikia programu zao za kutafuta marudio nao tuna neno kwao. Wapo wanaolinganisha tarakimu saba za mwisho tu, wakidhani hizo zinatosha. Huku kwetu hazitoshi. Ukikata mpaka saba umezitupa zile mbili zinazotenganisha Vodacom na Airtel, na watu wawili wa rezo mbili wanaweza kuwa na saba za mwisho zilezile. Hata tisa za mwisho hazitenganishi Congo na Zambia. Kinachofaa ni kulinganisha namba nzima pamoja na alama ya nchi.

Kufanana kwa jina ni dalili tu. Katika Katanga, ukiandika «Papa Ilunga» au «Kasongo» bila kuongeza kitu, huenda una watu watatu tofauti wenye jina hilo: jirani, fundi wa gari na mwalimu wa mtoto. Ukiwaunganisha, hakuna namba iliyopotea, ila hujui tena ni ya nani. Kosa hili ni baya kuliko marudio, kwa sababu marudio yanaonekana na kosa hili limejificha. Namba kuwa moja ni dalili yenye nguvu zaidi, lakini nayo ina mwiko wake: mume na mke wanaotumia simu moja ni watu wawili. Waache na majina yao mawili.

Ukimaliza, hifadhi majina yaliyounganishwa katika simu au akaunti, wala usiyarudishe kwenye kadi ya SIM. Hapo ndipo namba hupotea kweli. Kadi yenye nafasi ya namba moja ikipewa mtu mwenye tatu, ama itamgawa tena mara tatu ama itachukua ya kwanza na kuacha nyingine. Simu nyingi ndogo za vitufe zina tabia hiyo ukizitumia jina kwa Bluetooth, na hazikuambii kwamba zimeacha kitu. Jua pia kwamba baadhi ya simu haziunganishi, zinafunga majina pamoja kwa nje tu. Unaona jina moja, lakini chini yake yapo manne, moja kwenye kadi na mengine katika akaunti. Ukichomoa kadi, namba yake inaweza kuondoka nayo. Fungua jina ulilounganisha na utazame imehifadhiwa wapi.

Namna ya kujua kama kazi imekwenda vizuri ni kuhesabu mara mbili. Idadi ya majina inapaswa kushuka. Idadi ya namba tofauti inapaswa kubaki ileile. Mwenye watu wachache ahesabu kwa kidole na karatasi. Mwenye mamia, kama sekretarieti ya shule au parokia, atoe faili jipya la .vcf na apitishe mstari huu kwenye kompyuta ya Linux, mara moja kwa faili la zamani na mara moja kwa jipya:

```
grep -E '^(item[0-9]+\.)?TEL' orodha.vcf |
sed 's/.*://; s/[^0-9+]//g; s/^00/+/; s/^0/+243/' |
sort -u | wc -l
```

Mstari huu unaondoa nafasi na vistari, unageuza 00 kuwa +, unaweka +243 mahali pa sifuri, kisha unahesabu namba zisizofanana. Kwa kuwa sifuri yoyote inachukuliwa kuwa ya Congo, namba za Zambia ziwe zimekwisha kupewa +260 kabla ya kutoa hata faili la kwanza. Hesabu ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, kuna namba imeachwa njiani: rudi kwenye nakala uitafute. Anayetumia Google ana nafasi nyingine pia, kwa kuwa ukurasa wa majina wa Google kwenye kompyuta unaruhusu kurudisha orodha ilivyokuwa hadi siku 30 nyuma.

Zimebaki namba zilizokufa. Wengi wanapenda kuzifuta wakati huohuo, na sisi tunawaomba wangoje. Bila namba ya zamani, ujumbe uliotumwa kutoka kwayo utaonyesha tarakimu tupu, na risiti ya pesa iliyokwenda mwaka jana haitakuwa na mwenyewe. Iache chini ya jina lake na uiandike «ya zamani». Lakini usiitumie pesa: rezo huchukua namba iliyokaa bila kutumika na kumpa mteja mwingine, na anayeishika leo anaweza kuwa mtu wa Kamina ambaye hajawahi kusikia habari za likelemba yenu.