UPEPO USISINGIZIWE

Kila mwaka mvua za kwanza zinapoingia Tabora, kati ya Oktoba na Novemba, hutangulia upepo wa ghafla, na kila mwaka mapaa ya mabati huezuliwa. Kisha husikika maelezo yale yale: upepo ulikuwa mkali, ni kazi ya Mungu. Maelezo hayo humfaa fundi aliyelipua kazi, lakini hayamfai mwananchi aliyechoma tofali na kusomba mchanga kwa nguvu zake.

Wazee wa Unyanyembe hawakuwa na tatizo hili. Katika njia ya misafara, nyumba ya mji ilikuwa tembe, kama ile ya Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872. Paa lake lilikuwa bapa, la miti iliyofunikwa udongo. Udongo wa unene wa sentimita 15 huelemea kila mita ya mraba kwa zaidi ya kilo 200, na hakuna upepo wa nchi ile unaoweza kuunyanyua. Paa la bati, pamoja na kenchi na papi zake, halizidi sana kilo 15 kwa mita hiyo hiyo. Watu walibadili paa, lakini ujenzi wa ukuta ukabaki kama wa paa lisilohitaji kushikiliwa.

Hesabu yake si ngumu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa, ukipita juu ya paa na kuingia pia kwa mlango au dirisha lililo wazi, huweza kulivuta bati kwenda juu kwa nguvu ya karibu kilo 60 kwa kila mita ya mraba. Nyumba ya mita 6 kwa 9, ikiwa na upenu, ina paa la mita za mraba 70. Nguvu yote ni tani 4 na zaidi kidogo. Uzito wa paa ni tani 1 tu. Tani 3 zilizobaki hazina budi kushikwa na kuta mbili ndefu, yaani karibu kilo 175 kwa kila mita ya ukuta.

Hapo ndipo ulipuaji unapojificha. Fundi akiulizwa, hujibu kwamba paa limefungwa. Naam, limefungwa, lakini limefungwa na nini? Mara nyingi ile mbao inayolazwa juu ya ukuta ili kubeba kenchi imefungwa kwa waya uliopita chini ya kozi mbili tu za tofali. Kozi mbili za ukuta wa tofali za kuchoma wenye unene wa sentimita 23 zina uzito wa kilo 70 hivi kwa mita. Upepo ukivuta kilo 175, paa huondoka na mbao yake, waya wake na tofali zake. Anayetaka ushahidi na atazame paa lililoanguka: akikuta tofali zingali zimening'inia kwenye waya, hukumu imekwisha kutolewa.

Dawa ni kufunga paa kwenye lenta. Lenta yenye kimo cha sentimita 20 ina kilo 110 kwa mita. Ikiwa na kozi sita juu yake, jumla hupita kilo 300. Kwa hiyo waya mnene wa milimita 4, mara mbili, au nondo nyembamba, utegwe ndani ya lenta kabla ya kumwaga zege, kila baada ya mita moja, upande kati ya tofali mpaka uizungushe mbao ya juu. Kenchi nazo zifungwe kwenye mbao hiyo kwa waya, kwani msumari pekee huchomoka.

Lenta yenyewe izunguke nyumba nzima. Lenta ya vipande, iliyowekwa juu ya madirisha tu ili kuokoa saruji, haiunganishi kitu. Kwenye pembe nondo zikunjwe na kupishana sentimita 60. Zikiishia pembeni, pembe hupasuka, na ukuta uliopoteza paa huangukia waliolala. Katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, dhoruba ya Machi 2015 iliua watu zaidi ya 40, na kuta zilizoanguka zilikuwa miongoni mwa sababu.

Yatasemwa kwamba wananchi hawana fedha. Hoja hiyo haina msingi kwa waya. Hata nyumba iliyokwisha jengwa inaweza kutobolewa chini ya lenta, waya ukapitishwa na kupandishwa pande zote mbili za ukuta hadi kwenye mbao. Penye ukuta wa udongo usio na lenta, waya uteremke karibu mita nzima na kulazwa juu ya kipande cha mti, usije ukaukata ukuta kama kisu.

Kamati ya ujenzi isipokee jengo kwa kutazama rangi. Ipande ngazi kabla dari halijapigwa, iushike waya kwa mkono, na kumwuliza fundi unaishia wapi. Asiyeweza kuonyesha asilipwe.