Bangili zako zisiende kulipa mikeka



Kuna bi harusi nilimshonea mwaka jana. Juzi juzi alikuja dukani na mfuko mdogo wa nailoni, akauweka juu ya meza ya kukatia. Nilidhani kaleta kitambaa. Kumbe ni bangili zake nne na kidani, vile vile alivyovivaa siku ya kuingia ukumbini. Akaniuliza kama namjua sonara mwaminifu, asije akampunja kwenye uzani.

Nikamuuliza unauza kwa nini, na harusi haijatimiza mwaka? Akaanza kulia. Mume anabeti. Mikeka ya mpira, na kile kindege cha kwenye simu. Amekopa huku na huku kufukuzia hela iliyopotea, sasa watu wanamtumia hata yeye mke ujumbe wa vitisho. Akauona ufumbuzi ni mmoja: auze dhahabu, alipe yote siku moja, waanze upya.

Nilimwambia asiuze. Nimeomba ruhusa yake kuyaandika haya, majina sitayataja.

Sababu yangu si kwamba dhahabu ni tamu. Mahari na zawadi zako ni mali yako, na kama moyo wako umeridhia kumsaidia mumeo hakuna wa kukuzuia. Lakini mtu anayebeti akilipiwa madeni yote kwa siku moja, anachokiona ni kwamba njia ya kukopa imefunguka tena. Apu ile ile iliyomnyima jana, leo inamwambia kiwango chako kimepanda kwa sababu umelipa vizuri. Nimeliona kwa ndugu yangu mwenyewe. Mama aliuza kiwanja, na baada ya miezi minne deni lilikuwa limerudi, kiwanja hakipo.

Tukakaa watatu: yeye, mume wake na mimi, na daftari langu la vipimo. Kijana mwenyewe alisema ana madeni matatu. Tulipopitia ujumbe wa simu yake, mmoja baada ya mmoja, laini zote mbili, yakatoka sita. Usimwite mwongo hapo hapo. Mcheza kamari huwa anahesabu madeni yanayomkera siku hiyo tu. Lakini usipange chochote kabla hujaona ujumbe na taarifa ya miamala kwa macho yako.

Yalikuwa haya. Mkopo wa kwenye laini ya simu, 90,000. Apu ya mikopo, 180,000. Mkopeshaji wa mtaani, wale wanaoitwa kausha damu, 300,000, na kashika kadi ya benki ya kijana. Kikoba cha kazini, 240,000, kwa 40,000 kila mwezi, mdhamini ni mwenzake wa kazini. Duka la jirani, 75,000. Mjomba wake, 350,000. Jumla 1,235,000. Mshahara wake ni 520,000, mtunza stoo wa hoteli.

Kijana alitaka kuanza na mjomba. Ndiye mwenye deni kubwa, na kila wakikutana msikitini anaona haya. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Deni linaloumiza uso si lazima liwe ndilo linalokula mfuko. Mjomba alikopesha kwa wema, deni lake ni 350,000 leo na litakuwa hilo hilo mwakani. Ile apu kila wiki akishindwa kulipa ilimtoza 36,000 za kuongezewa siku, na 180,000 ziko pale pale. Hizo ni 144,000 kwa mwezi. Kausha damu alikuwa anachukua 60,000 kwa mwezi. Kwa hiyo deni dogo kuliko la mjomba lilikuwa linamla zaidi ya wote.

Na ule mkopo wa laini, ingawa ni mdogo, una ubaya wa peke yake: una ada ya kila siku, na hela yoyote ikiingia unaikata kabla hujaigusa. Mtu anatumiwa 50,000 ya gesi, anakuta salio sifuri, anakopa tena jioni. Mpango wowote unaopita kwenye laini ile utavuja.

Tukapanga: kwanza laini, pili apu, tatu kausha damu, huku kikoba kikilipwa kila mwezi bila kuruka, maana kikoba kikikosa hela anayebanwa ni mdhamini, mtu asiye na kosa. Duka na mjomba mwisho. Ila mwisho hakumaanishi kimya. Nilimtuma aende kwa mjomba wake kwa miguu yake, amwambie ukweli, amwombe subira, ampe mwezi atakaoanza kulipwa. Kuna atakayesema mkopo wa wema ndio wa kulipwa kwanza kuliko mla riba. Sawa, haki ni ya mjomba, ndiyo maana aliombwa. Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, inazungumzia kumpa muda mwenye deni aliye katika dhiki, na mjomba akampa miezi mitatu. Angekataa, tungepanga vingine.

Kwa kausha damu hakwenda peke yake. Alikwenda na baba yake na mzee mmoja wa mtaa. Alikuwa ameshalipa 60,000 mara tano, yaani zile 300,000 zote zimerudi kwa mwenyewe, na bado anadaiwa 300,000. Wazee walimwomba achukue mtaji wake aache ziada. Hakusamehe yote, lakini alikubali 210,000 kwa miezi mitatu, 70,000 kila mwezi, bila nyongeza. Waliandika karatasi, kila mtu akatia saini, kadi ikarudi. Siku ile ile kijana alikwenda kwenye mashine akabadilisha namba ya siri, kwa sababu ile ya zamani mkopeshaji alikuwa anaijua. Msisahau hilo.

Sasa hela zitoke wapi? Si kwenye kabati la mke. Alikuwa na simu kubwa, nzuri kuliko yangu. Iliuzwa 290,000, akanunua kitochi cha 40,000. Zikabaki 250,000. Laini ikalipwa 90,000 na apu 160,000 siku hiyo hiyo. 20,000 za apu zikasubiri mshahara wa siku mbili mbele. Simu ile kuuzwa kulifanya kazi mbili, maana kindege kimeondoka nayo. Kabla ya kuiuza aliandika kwa kampuni za kubeti wafunge akaunti zake. Kufuta apu si kufunga akaunti, ukiirudisha unaikuta akaunti inakusubiri. Na kwenye laini aliomba huduma ya mkopo iondolewe kabisa.

Matumizi tukayaandika kama ninavyoandika vipimo, bila kubana mpaka pumzi ikakata. Kodi 100,000. Chakula 7,000 kwa siku, yaani 210,000. Umeme, maji na gesi 30,000. Nauli 30,000. Maongezi ya simu 10,000. Akiba ya dharura 10,000. Jumla 390,000, zikabaki 130,000 za madeni. Kilichokatwa kikubwa ni bando la kila siku la 1,500, peke yake 45,000 kwa mwezi, na chipsi kuku za usiku. Nguo za Idi nazo zimeondoka. Ndiyo, nimejinyima mteja, lakini baibui la mwaka jana bado linang'aa, namjua aliyelishona.

Jambo moja nililolisimamia kuliko yote: chakula na kodi havikuguswa kulipa deni. Nyumba ikikosa unga, mtu anakopa wiki ya pili na mpango umekufa. Na hela ya vileja anavyouza mke hatukuiingiza kwenye hesabu. Atakachotoa ni sadaka yake, mpango usimame kwa mshahara wa aliyekopa.

Mwezi wa kwanza 130,000 zilikwenda hivi: 20,000 kumaliza apu, 70,000 kausha damu, 40,000 kikoba. Mwezi wa pili 70,000, 40,000, na 20,000 za duka. Kadi anaishika mke, namba ya siri anaijua mume. Siku ya mshahara wanakwenda pamoja, wanalipa kabla ya kurudi nyumbani.

Mwezi wa tatu akateleza. Kumbe hata kitochi kinabeti, unabonyeza menyu za namba tu na hela inakwenda. Wageni walimpa bakshishi, akaona ni hela isiyo kwenye daftari, akaipeleka kwenye mkeka. Ikaisha, akachukua na 30,000 za nyumbani. Mke alijua kwa alama ndogo: alianza kutoka nje kupokea simu, na akawa mkali alipoulizwa bei ya samaki. Taarifa ya miamala ikasema mengine.

Bi harusi alinipigia, sauti imekauka, akasema bora ningeuza bangili. Nikamwambia hesabu kwanza. Imepotea 30,000: 20,000 ya duka na 10,000 ya akiba. Kausha damu na kikoba vilikuwa vimeshalipwa asubuhi ile ya mshahara, hakuweza kuvigusa. Mpango uliokuwa umalizike mwezi wa saba umesogea kidogo hadi wa nane. Angekuwa amelipiwa yote kwa dhahabu, kuteleza kule kungekuwa mwanzo wa deni jipya, na bangili hakuna.

Tulichobadilisha ni viwili. Bakshishi inaandikwa daftarini usiku ule ule, hata iwe 2,000. Na laini iliyokuwa ikitumika kubeti imefungwa, kabaki na laini moja ya kupiga na kupokea, hela ya nyumbani inapita kwenye simu ya mke. Na yeye mwenyewe, nisimvunjie haki yake, sasa anakaa na imamu wao baada ya Isha kila Alhamisi. Maisiri ni haramu, anajua tangu chuoni, lakini kujua hakukumtosha. Alihitaji mtu wa kumwuliza wiki hii umeteleza?

Mashoga zangu mlio katika hali hii, mtaambiwa mchukue mkopo wa kikundi kwa jina lenu mumlipie. Msichukue. Mkopo ule mtalipa nyinyi, na yeye atakuwa huru kukopa tena. Na apu za mikopo zinazotisha watu, angalieni kama zina leseni ya Benki Kuu. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza apu na majukwaa 69 yasiyo na leseni. Deni la halali mtalilipa, lakini vitisho mnaweza kuvishtaki, hifadhini kila ujumbe.

Sasa ni mwisho wa mwezi wa tano. Laini, apu, kausha damu na duka vimekwisha. Kikoba kimebaki 40,000, mjomba 225,000. Wiki iliyopita bi harusi alipita dukani kuniletea vileja, bangili mbili mkononi, mbili kasema ziko kabatini na kidani chake.